Kutoka sentimita hadi lita: kupima tangi la mazutu na kuichora fimbo yake

Grupe inapotegemewa usiku kucha, neno "nusu" halitoshi kujibu swali la mazutu. Mwenye kinu cha kusaga kule Kadutu mjini Bukavu, au zahanati yenye friji ya chanjo, anataka kujua zimebaki lita ngapi ili aamue kama bidoni zitumwe leo au zingoje wiki ijayo. Tangi la umbo la sanduku lina urahisi mmoja mkubwa: kuta zake zinasimama wima, kwa hiyo kila sentimita ya kina hubeba lita zile zile, iwe chini, katikati au karibu na kifuniko. Pipa lililolazwa haliko hivyo, kwa sababu sentimita ya katikati hubeba mafuta mengi kuliko ya chini au ya juu. Kwa sanduku, ukishaijua namba moja tu, yaani lita kwa kila sentimita, unaweza kuichora fimbo nzima. Kazi ni kuipata namba hiyo bila kosa, na kujua ni mambo gani huifanya fimbo iseme uongo hata kama hesabu ni sahihi.

Tuchukue tangi moja na tulifuate hadi mwisho. Fundi wa kuchomelea ameambiwa alitengeneze kwa sentimita 120 urefu, 80 upana na 75 kimo, kwa toli ya milimita 4. Wengi huzidisha namba hizo jinsi zilivyo na kupata lita 720. Lakini hivyo ni vipimo vya nje. Mafuta hukaa ndani, na kila upande una toli mbili zinazokula nafasi: milimita 4 kulia na milimita 4 kushoto, jumla milimita 8. Vipimo vya ndani basi ni sentimita 119,2 kwa 79,2 kwa 74,2. Hapa koma inatenga sehemu ya desimali kama tulivyozoea shuleni. Kwenye kikokotoo cha simu utabonyeza nukta mahali pake.

Lita moja ni sanduku dogo lenye sentimita 10 kila upande, yaani desimita moja kwa desimita moja kwa desimita moja. Ndiyo maana njia isiyochanganya ni kugeuza vipimo vyote kuwa desimita kwanza, kisha kuzidisha, na jibu linatoka moja kwa moja kwa lita:

```
11,92 × 7,92 × 7,42 = 700,5 lita
```

Ukipenda kubaki na sentimita, zidisha halafu gawanya kwa 1000. Ukitumia milimita, gawanya kwa milioni moja. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya: urefu umeandikwa kwa sentimita, unene wa toli kwa milimita, na mtu anatoa 8 mahali pa 0,8. Jibu likitoka lita 7 au lita 7000 kwa tangi ambalo mtu mzima anaweza kulikumbatia nusu, tatizo liko kwenye vipimo vilivyochanganywa.

Linganisha sasa 720 na 700,5. Tofauti ni lita 19 na nusu, karibu bidoni nzima ya njano. Bidoni hiyo haikuwahi kuingia kwenye tangi wala haikuibwa, na bado itatafutwa kila mwisho wa mwezi kama fimbo ilichorwa kwa vipimo vya nje.

Tangi likiwa bado wazi, pima ndani kwa metre na usiridhike na kipimo kimoja. Joto la kuchomelea huvuta toli, hivyo kuta mbili zinazotazamana mara chache huwa sambamba kabisa. Pima urefu chini, katikati na juu, kisha chukua wastani, na ufanye vivyo hivyo kwa upana. Tangi likiwa limeshafungwa, pima nje, halafu pima unene wa toli kwenye ukingo wa tundu la kujazia na utoe mara mbili. Kimo cha ndani kinapatikana hata kwa tangi lililofungwa: ingiza kijiti chembamba hadi sakafu, weka alama panapogusana na ukingo, kisha toa unene wa toli ya juu na urefu wa shingo ya tundu kama ipo.

Si kila kosa la kupima lina uzito sawa, na inafaa kujua nguvu uiweke wapi. Ukikosea upana kwa sentimita moja katika tangi hili, unapoteza au kujiongezea karibu lita 9. Kinyume chake, mafundi wengi huhangaika na pembe za kukatana, wakitaka mistari miwili ya kona hadi kona ilingane. Ni jambo zuri kwa sura ya tangi, ila kwa ujazo lina athari ndogo mno: kona zikipishana kwa sentimita 2 nzima kwenye sakafu ya tangi hili, ujazo hupungua chini ya desilita moja. Muda huo utumie kupima upana upya.

Chuma kilichomo ndani nacho hula nafasi. Kona za chuma zilizowekwa ndani kama mifupa, na ukuta wenye matundu wa kuvunja mawimbi, havibebi mafuta. Ukijua uzito wa chuma hicho kwa kilo, gawanya kwa 7,85 upate lita zilizopotea. Kilo 25 za chuma hula lita 3 na kidogo. Kwa tangi la lita 700 hilo ni dogo na unaweza kuliacha. Kwa tangi la lita 100 litoe.

Namba tunayoitaka sasa. Zidisha urefu na upana wa ndani tu, bila kimo: 119,2 mara 79,2 ni sentimita za mraba 9440,64. Gawanya kwa 1000: kila sentimita ya kina ni lita 9,44, na kila milimita ni karibu lita moja. Kutoka hapo unakwenda pande zote mbili. Ukisoma kina, zidisha kwa 9,44 upate lita. Ukitaka kuchora alama ya lita fulani, gawanya lita hizo kwa 9,44 upate umbali kutoka ncha ya chini ya fimbo:

| Lita | Umbali kutoka ncha |
|---|---|
| 50 | sm 5,3 |
| 100 | sm 10,6 |
| 200 | sm 21,2 |
| 300 | sm 31,8 |
| 400 | sm 42,4 |
| 500 | sm 53,0 |
| 600 | sm 63,6 |
| 665 | sm 70,4 |

Mstari wa mwisho si wa kubahatisha. Ni asilimia 95 ya ujazo, nafasi ya kuachia mafuta yatanuke jua likipiga bati, na hapo ndipo kujaza kunapokoma.

Kila alama ipimwe kutoka ncha ya chini, metre ikiwa imelazwa palepale bila kusogezwa. Usipime sentimita 5,3, ukaweka alama, ukaanza tena kutoka hapo kwa alama inayofuata. Nusu milimita ya kalamu kila mara, kwa alama kumi na nne, ni milimita 7 juu kabisa, na milimita 7 hapa ni zaidi ya lita 6.

Fimbo yenyewe iwe ya mti mgumu uliokauka, au ubapa wa shaba au alumini. Mti laini hunyonya mazutu, na mstari wa unyevu hupanda juu ya kina cha kweli kabla hujausoma. Alama zikatwe kwa msumeno au kisu; rangi na kalamu ya wino huondoka baada ya kuzamishwa mara nyingi. Ncha ya chini ifungwe kikofia cha shaba, na kikofia kihesabiwe ndani ya urefu kabla ya kuchora. Kama fimbo ya mti ikigonga sakafu kila siku hadi ncha ikalika milimita 5, alama zote zimeshuka milimita 5, na kila usomaji utaongeza karibu lita 5 ambazo hazipo.

Kuna alama moja zaidi ambayo watu wengi huisahau, nayo hulinda zote zingine. Tangi likiwa tupu na safi, simamisha fimbo wima hadi iguse sakafu, kisha kata alama nene pale ukingo wa tundu unapokutana nayo. Katika tangi letu, kimo cha ndani ni 74,2, toli ya juu ni 0,4, na tuseme shingo ya tundu ni 6: alama hiyo inakaa sentimita 80,6. Tangu siku hiyo, kila unapopima, tazama alama ya ukingo kabla ya kutazama mafuta. Ikilingana na ukingo, fimbo imefika chini na imesimama wima. Ikibaki juu ya ukingo, kuna kitu kimeizuia chini: tope, tone la chuma la kuchomelea, au kona ya mfupa. Ikizama chini ya ukingo, ama ncha imelika ama fimbo imelala.

Kulala kwa fimbo si jambo dogo. Mafuta yakiwa na kina cha sentimita 50, na mguu wa fimbo ukiwa sentimita 9 pembeni ya pale fimbo inapoingia kwenye mafuta, unyevu utafika sentimita 50,8 kwenye fimbo. Ni lita 7 na nusu za hewa. Suluhisho ni tundu lililo sawa na unene wa fimbo, au kipande cha bomba cha kuiongoza. Bomba hilo lisifike sakafuni likiwa limezibwa. Litobolewe chini na juu ili mafuta ya ndani yake yawe na kina kile kile cha nje. Bila matundu ya juu, hewa hunaswa na usomaji hauaminiki.

Kisha kuna jambo la Bukavu yenyewe. Mji umekaa kwenye miteremko, na banda la grupe hujengwa mahali palipopatikana. Tangi letu likiinama kwa urefu, upande mmoja chini kuliko mwingine kwa sentimita 3, mafuta hubaki sawa na upeo lakini sakafu haiko hivyo. Kina ni kikubwa upande wa chini na kidogo upande wa juu. Tundu likiwa sentimita 10 kutoka ukuta wa upande wa chini, fimbo itasoma sentimita 1,25 zaidi ya wastani, sawa na lita 12 za uongo kila siku. Likiwa upande wa juu, itaficha lita hizo hizo.

Dawa ni kutoboa tundu la fimbo katikati kabisa ya kifuniko, mahali mistari miwili ya kona hadi kona inapokatana. Katikati, kinachozidi upande mmoja hulipwa na kinachopungua upande wa pili, hata kama tangi limeinama kwa urefu na kwa upana pamoja. Hesabu yako ya 9,44 inabaki kweli bila marekebisho yoyote. Faida hiyo ina mipaka miwili: juu kabisa, mafuta yanapoanza kugusa kifuniko upande mmoja, na chini kabisa, sakafu ya upande wa juu inapobaki kavu. Kwa mwinamo wa sentimita 3, fimbo ya katikati ikisema sifuri bado kuna kabari ya lita 3 na nusu upande wa chini. Nayo ni mazutu isiyofaa kutumika, kwa sababu ndipo maji na tope hukusanyika.

Kwa hiyo usipoteze nguvu kulisawazisha tangi la mazutu hadi nivo ikae katikati. Mwinamo mdogo wa makusudi, sentimita moja au mbili kuelekea robine ya kutolea uchafu, husaidia maji kushuka pale yanapoweza kutolewa. Kinachohitaji usahihi ni mahali pa tundu.

Kabla ya kuiamini fimbo, ijaribu kwa kiasi unachokijua. Hapa bidoni ya njano inaleta shida yake: ikijazwa hadi mdomoni mara nyingi hubeba zaidi ya lita 20. Ipime kwa mizani. Pima bidoni tupu, tia maji hadi mizani iongeze kilo 20 kamili, kisha chora mstari ubavuni pale maji yalipofika. Huo ndio mstari wa lita 20, kwa maji na kwa mazutu pia, maana ujazo haubadiliki ingawa uzito unabadilika. Ikaushe vizuri kabla ya kuitilia mafuta. Tangi jipya linaweza kujaribiwa kwa maji, na hapo utaona pia kama linavuja, mradi litolewe maji yote na kukaushwa baadaye. Kumbuka tu kwamba maji lita 700 ni kilo 700, na mazutu kiasi hicho ni karibu kilo 590. Miguu ya tangi iwe imara kwa uzito ule mkubwa.

Mimina bidoni tano, ngoja uso utulie, soma. Mimina tano nyingine, soma, kisha tano tena. Kwa tangi letu tunatarajia 10,6, kisha 21,2, kisha 31,8. Usomaji ukitofautiana, usikimbilie kuchora upya. Tazama tofauti inavyokwenda, kwa sababu ndiyo itakayokuambia chanzo.

Tuseme umesoma 11,8, kisha 22,4, kisha 33,0. Kila mara imezidi kwa sentimita 1,2, si zaidi wala si pungufu. Kati ya usomaji mmoja na mwingine kuna 10,6, jinsi inavyotakiwa. Hii inamaanisha namba ya 9,44 ni sahihi na kosa liko kwenye sifuri: tangi limeinama na tundu liko upande wa chini, au sakafu imebonyea chini ya tundu, au fimbo ilianza kuhesabiwa mahali pasipo ncha yake. Ukishindwa kuhamisha tundu, sogeza alama zote juu kwa 1,2, na tangi lisihamishwe tena baada ya hapo.

Sasa tuseme umesoma 10,8, kisha 21,6, kisha 32,4. Tofauti ni 0,2, kisha 0,4, kisha 0,6. Inakua pamoja na mafuta, kwa hiyo sifuri ni nzima na kosa liko kwenye lita kwa sentimita. Ama ndani ni padogo kuliko ulivyopima, ama kila bidoni ilikuwa na lita 20,4. Pima bidoni tena kwanza, ni kazi ya dakika tano. Bidoni zikiwa sawa, gawanya 300 kwa 32,4: tangi lako ni la lita 9,26 kwa sentimita, na hiyo ndiyo namba ya kuchorea, hata kama metre ilisema vingine.

Hali ya tatu ni usomaji unaofuata jedwali vizuri chini, halafu unabaki nyuma kadiri tangi linavyojaa. Kuta zinavimba. Uzito wa mafuta unazisukuma nje na nafasi ya ndani inaongezeka, hivyo lita za kweli ni nyingi kuliko fimbo inavyosema. Nyoosha uzi kutoka kona hadi kona ya ukuta kabla ya kujaza na baada ya kujaza, utaiona nafasi ikibadilika. Tangi la toli nyembamba lisilo na mfupa katikati lichorwe kwa bidoni hadi juu, si kwa hesabu peke yake.

Fimbo ikishakubaliana na bidoni, kinachobaki ni kusoma kwa utaratibu ule ule kila siku. Baada ya kujaza, ngoja robo saa povu liishe. Futa fimbo, paka chaki pale unapotarajia mstari, shusha taratibu hadi iguse chini bila kuitumbukiza, pandisha mara moja. Chaki iliyolowa hubadilika rangi na mstari huonekana wazi hata kwa mazutu nyeupe. Rudia, usomaji miwili ikipishana zaidi ya milimita 3, futa na uanze tena. Utaratibu huu ni wa mazutu. Tangi la esansi lina mvuke unaowaka kwa cheche ndogo, na halifai kufunguliwa na kupimwa kwa fimbo kando ya grupe inayonguruma.

Lita ambazo fimbo inasema zimo si lazima ziwe lita ambazo grupe itazipata. Bomba la kunyonyea la tangi letu likianzia sentimita 4 juu ya sakafu, lita 38 za chini hazitafika kwenye mashine. Chora mstari mwekundu kwenye sentimita 4. Fimbo ikisoma 31,8, tangi lina lita 300, na za kutumia ni 262. Grupe inayokula lita 4 kwa saa itakwenda saa 65, si 75, na tofauti hiyo ni usiku mzima.

Mwisho ni suala la milimita chache zinazopungua hadi asubuhi. Mazutu hutanuka karibu asilimia 0,08 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 600 zikipoa kwa nyuzi 10, kutoka jioni ya jua hadi alfajiri ya baridi ya mlimani, hupungua karibu lita 5, na fimbo inashuka milimita 5 bila mtu kugusa robine. Mlinzi asishukiwe kwa milimita 5. Pima saa ile ile kila siku, ikiwezekana asubuhi kabla ya grupe kuwashwa, uandike kina kwa milimita kando ya lita. Milimita ndizo ulizoziona kwa macho; lita unaweza kuzihesabu upya wakati wowote ukigundua kwamba namba yako ya lita kwa sentimita ilikuwa na kosa.